Kuomba nyongeza ya mshahara kwa hesabu ya kazi yako, ikiwa kuzungumzia pesa kunakukausha koo

Mara ya kwanza nilipoingia kwa bosi kuomba nyongeza, nilikaa dakika ishirini nikizunguka. Nilieleza kwamba nimetimiza miaka mitatu kazini, kwamba maisha yamepanda, kwamba ninajituma. Aliponiuliza, "Sasa ulikuwa unafikiria kiasi gani?" nikasema asilimia 10, na kabla hajafumbua mdomo nikaongeza, "Lakini hata 5 si mbaya." Nilipata 3. Aliyenishusha kutoka 10 hadi 5 nilikuwa mimi mwenyewe, bosi alimalizia tu.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Niliingia mle sina kitu cha kuzungumzia isipokuwa pesa na nafsi yangu, na hayo ndiyo mambo mawili yanayonishinda kuyatamka. Mara ya pili niliingia na karatasi moja. Tulizungumza karibu nusu saa, na muda wote ule tulikuwa tunazungumzia kazi: ankara, wateja, siku za kulipa. Pesa ilichukua sentensi moja. Nitaeleza jinsi ya kuiandaa karatasi hiyo na sentensi hiyo, kwa kutumia hesabu za kazi niliyokuwa nikiifanya. Kiasi cha pesa nimekiandika bila jina la sarafu na nimekirahisisha kifuatike vizuri. Weka cha kwako.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua, na anaamua lini

Katika sehemu nyingi za kazi, meneja wako hawezi kukuongezea mshahara kwa kalamu yake peke yake. Anaandika pendekezo, linakwenda kwa mkuu wa idara, kisha kwa watu wa fedha na rasilimali watu. Maana yake ni kwamba uamuzi utafanyika kwenye kikao ambacho wewe hutakuwamo, na wa kukutetea humo ni meneja, kwa maneno atakayoyakumbuka. Ukimwachia maneno "anajituma sana", atakuwa na hilo tu, na kila meneja mle ndani ana mtu wake anayejituma. Ukimwachia ukurasa wenye hesabu, ataufungua mezani na kuusoma.

Jambo hili linawasaidia hasa watu wasiopenda kuongea pesa. Huhitaji ufasaha wa kumshawishi mtu uso kwa uso. Unahitaji kuandika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukibeba.

Tafuta mambo mawili mapema. La kwanza ni tarehe: bajeti ya mishahara ya mwaka unaofuata hufungwa kabla mwaka huo haujaanza, mara nyingi miezi kadhaa kabla. Ukienda baada ya hapo, jibu la "bajeti imeshafungwa" si kisingizio, ni kweli. La pili ni ngazi yako ya mshahara. Ofisi nyingi zina ngazi zenye kiwango cha chini na cha juu. Ukiwa umeshagusa kiwango cha juu cha ngazi yako, hata uwe na ushahidi mzuri namna gani nyongeza ya kawaida haitapita. Utakachohitaji kuomba ni kupandishwa ngazi, na hilo lina taratibu zake.

Mambo haya mawili unaweza kuyauliza bila kutaja kiasi chochote: "Mapendekezo ya nyongeza hupelekwa lini, na nafasi yangu iko ngazi gani?" Ni swali la utaratibu, na afisa rasilimali watu huulizwa kila wiki.

Hatua ya 2: Chagua tokeo moja, ulipime kabla na baada

Makosa niliyoyaona mara nyingi, yangu yakiwemo, ni kuorodhesha kazi. "Nafuatilia madeni, naandaa ripoti, nimefundisha wageni wawili, nimesaidia ukaguzi." Hiyo ni orodha ya majukumu, na meneja anajua majukumu yako kwa sababu ndiye aliyekupa. Tokeo ni kitu kilichobadilika kwa sababu yako. Lina hali ya mwanzo, kitendo, na hali ya mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kufuatilia ankara za wateja wanaochukua bidhaa kwa mkopo. Kipimo cha kazi hiyo kinajulikana: wastani wa siku ambazo pesa hubaki kwa wateja kabla ya kulipwa. Unachukua madeni yaliyoko nje, unagawanya kwa mauzo ya mkopo ya mwaka, unazidisha kwa siku 365. Nilipoanza, madeni yalikuwa milioni 104 na mauzo ya mkopo milioni 730 kwa mwaka, kwa hiyo siku 52. Baada ya miezi tisa madeni yalikuwa milioni 76 kwa mauzo yaleyale: siku 38.

Hali ya mwanzo ndiyo inayosahaulika. Watu wengi huanza kuhesabu wakiwa tayari wameshaboresha mambo, halafu hawana cha kulinganisha nacho. Kama hukupima, rudi kwenye ripoti za zamani za mwezi, barua pepe za malalamiko, daftari la zamu. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita ikiwa kazi yako ina msimu, maana mwezi wa biashara nyingi ukiuweka kando ya mwezi mkavu, tofauti utakayoiona si yako, ni ya msimu. Na tokeo liwe limedumu angalau miezi sita hivi. Mafanikio ya mwezi mmoja huitwa bahati, na anayeyaita hivyo hajakosea.

Halafu kuna kitendo: ulifanya nini hasa? Hapa ndipo ukurasa unapopata uhai. Mimi nilikaa siku mbili na ankara 60 zilizokuwa zimechelewa, nikaandika sababu ya kila moja. Nilitarajia kukuta wateja wakorofi. Badala yake nilikuta 27 hazikuwa na namba ya oda ya mteja. Zilikuwa zimelala kwenye meza za wahasibu wao, ambao wasingeweza kuzilipa bila namba hiyo, na hakuna aliyetuambia. Kuanzia hapo ankara haikutoka bila namba ya oda na hati ya kupokelea mzigo kuambatishwa, na nikaanza kumpigia mteja simu wiki moja kabla ya tarehe ya kulipa, badala ya wiki mbili baada yake. Mambo mawili tu. Yalitosha.

Kama kazi yako haina kipimo kinachojulikana namna hii, hesabu kinachorudi na kinachosubiri. Fomu ngapi zilirudishwa kwa makosa? Mgeni alisubiri mapokezi dakika ngapi? Mashine ilisimama mara ngapi kwa mwezi? Mwalimu, mpokezi, fundi, mhariri, wote wana kitu kinachorudi au kinachosubiri. Hesabu kwa mkono kwa wiki nne na utakuwa na mwanzo.

Tahadhari moja: andika namba, usibebe nyaraka. Kujitumia orodha za wateja au ankara kwenye barua pepe yako binafsi kunaweza kukupotezea kazi. Jumla ya mwezi kwenye daftari lako inatosha, na asili yake ibaki pale ofisini ambako mtu yeyote anaweza kwenda kuihakiki.

Hatua ya 3: Ondoa sehemu isiyo yako

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote.

Siku zilishuka kutoka 52 hadi 38, yaani siku 14. Lakini si zote 14 zilikuwa zangu. Katika kipindi hichohicho, meneja wa mauzo alikuwa amekubaliana na mteja wetu mkubwa alipe ndani ya siku 30 badala ya 60. Mteja huyo peke yake alikuwa moja ya tano ya mauzo. Ningejichukulia siku zote 14, mtu wa kwanza kwenye kikao kile angesema, "Lakini hilo si lile makubaliano ya mauzo?" na ukurasa mzima ungepoteza heshima, pamoja na sehemu iliyokuwa kweli.

Kwa hiyo nilimtoa mteja huyo kwenye hesabu zote mbili, ya kabla na ya baada. Waliobaki walikuwa wameshuka kutoka siku 49 hadi 39. Siku 10 zilizotokana na ankara kamili na simu za mapema. Niliandika hivyo waziwazi kwenye ukurasa: "Makubaliano na mteja mkubwa yalifanywa na idara ya mauzo, na hayamo kwenye hesabu hii."

Bosi alipofika kwenye mstari huo aliurudia mara mbili. Naamini hapo ndipo alipoacha kunihoji kuhusu namba nilizobaki nazo. Na kwa mtu anayeona aibu kujisifu kuna faida nyingine: ukishapunguza cha wenzako, kinachobaki unaweza kukisema bila kuinamisha macho, kwa sababu unajua ni chako.

Hatua ya 4: Igeuze kuwa pesa ya kampuni, kwa uangalifu

Siku 10 ni nyingi au chache? Mtu wa fedha anajua, wengine hawajui. Inabidi uzigeuze.

Wateja wale waliobaki walikuwa wananunua bidhaa za milioni 1.6 kwa siku. Siku 10 zikipungua, milioni 16 zilizokuwa zimekaa nje zinarudi ndani. Ni rahisi sana hapa kuandika "nimeiingizia kampuni milioni 16", na si kweli. Pesa ile ilikuwa ya kampuni tangu mwanzo, ilichelewa tu. Faida halisi ni gharama ya kuikosa. Kampuni ilikuwa ikiendesha shughuli zake kwa mkopo wa muda mfupi wa benki wenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Nilimuuliza mhasibu, akaniambia. Asilimia 15 ya milioni 16 ni milioni 2.4 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba niliyoiandika, nikaongeza kwamba inadumu maadamu siku zinabaki 39 na kampuni bado inakopa. Kampuni isiyo na mkopo ingepata pungufu ya hapo, pengine ile riba ambayo pesa hizo zingezaa zikiwa zimewekwa benki.

Kanuni yake ni hii: chagua tafsiri ndogo kuliko zote unayoweza kuitetea. Ukiokoa saa za kazi, usizidishe saa kwa mshahara na kuziita akiba ikiwa hakuna aliyeacha kulipwa. Sema saa hizo zilitumika kufanya kazi gani ambayo zamani haikufanyika. Ukipunguza makosa, hesabu gharama ya kurudia kazi, usiweke hasara ya kufikirika ya mteja ambaye angeweza kuondoka. Namba ndogo iliyosimama ina nguvu kuliko namba kubwa inayoyumba.

Hatua ya 5: Chagua kiasi kimoja

Mshahara wangu ulikuwa 900,000 ghafi kwa mwezi. Zungumza kwa mshahara ghafi siku zote, usizungumze kwa pesa unayoshika mkononi, kwa sababu kodi na makato hubadilika mshahara unapopanda na meneja hana habari na makato yako. Niliomba asilimia 12, yaani 108,000 kwa mwezi, au 1,296,000 kwa mwaka. Juu ya hapo mwajiri hulipa michango yake. Tukiikadiria kuwa sehemu ya kumi, gharama kamili kwa kampuni inafika kama milioni 1.43. Ikilinganishwa na milioni 2.4, kampuni inabakiwa na karibu milioni moja kila mwaka. Hesabu hiyo meneja angeweza kuisema mbele ya mtu yeyote.

Tokeo peke yake halipangi kiasi. Angalia pia matangazo ya kazi kama yako yanayotaja mshahara, waulize watu wawili watatu wanaofanya kazi hiyo kwingine, uone ngazi yako inaruhusu hadi wapi. Kwa mtu asiyependa mada hii, swali jepesi ni hili: "Mtu akiajiriwa leo kwenye nafasi kama yako, unadhani wangemwanzia kiasi gani?" Hujamuuliza analipwa nini, na watu wengi hulijibu bila shida.

Halafu taja namba moja. Usiseme "kati ya 8 na 12", kwa sababu anayelipa husikia 8. Na ukiwa umefanya utafiti wako, itaje wewe kwanza. Namba inayotangulia huvuta zinazofuata, hata pale isipohusika kabisa. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambamo watu walizungushiwa gurudumu la namba lililopangwa kwa siri lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa wakadirie nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kadirio la kati la walioona 10 lilikuwa 25. La walioona 65 lilikuwa 45. Ikiwa gurudumu linaweza kufanya hivyo, namba yenye hesabu chini yake inaweza zaidi.

Pembeni, mahali unapoona wewe peke yako, andika pia kiwango ambacho chini yake hutaridhika. Changu kilikuwa asilimia 8. Utakihitaji pale utakapopewa namba nyingine papo hapo na kichwa kikawa kizito.

Hatua ya 6: Andika ukurasa

Uwe ukurasa mmoja, na mistari michache kiasi kwamba mtu anaweza kuumaliza akiwa amesimama. Wangu ulikuwa hivi:

> Pendekezo la kurekebisha mshahara: ufuatiliaji wa ankara
>
> Hali ya mwanzo: wateja wa mkopo (bila mteja mkubwa) walilipa kwa wastani wa siku 49.
>
> Nilichofanya: nilikagua ankara 60 zilizochelewa, 27 hazikuwa na namba ya oda. Sasa ankara haitoki bila namba hiyo na hati ya kupokelea mzigo. Mteja hupigiwa simu siku 7 kabla ya tarehe ya kulipa.
>
> Hali ya sasa: siku 39, kwa ripoti za mwezi za idara ya fedha.
>
> Thamani: milioni 16 zimerudi kwenye mzunguko, riba inayookolewa ni takriban milioni 2.4 kwa mwaka kwa riba ya sasa ya mkopo.
>
> Kisichomo: makubaliano ya siku 30 na mteja mkubwa, yaliyofanywa na idara ya mauzo.
>
> Ombi: mshahara ghafi urekebishwe kwa asilimia 12, kutoka 900,000 hadi 1,008,000 kwa mwezi, kuanzia mwaka mpya wa fedha.

Kodi ya nyumba haimo, wala ada za watoto, wala mwenzako analipwa nini. Hayo ni mambo ya kweli katika maisha yako, lakini meneja hawezi kuyapeleka kwenye kikao. Kupanda kwa gharama za maisha kuna nafasi yake, ni hoja ya wafanyakazi wote kwa pamoja. Ukiichanganya hapa, utajibiwa kwa asilimia ileile ya wote.

Hatua ya 7: Omba kikao kwa maandishi

Usimvizie kwenye korido. Mtumie ujumbe mfupi unaotaja mada, ili asishtuke na wewe usipate mwanya wa kughairi:

> Habari za asubuhi. Naomba dakika 30 wiki ijayo tupitie matokeo ya ufuatiliaji wa ankara kwa miezi tisa iliyopita, na pendekezo langu la kurekebisha mshahara. Nitakutumia ukurasa mmoja siku moja kabla.

Kutuma ukurasa siku moja kabla ni msaada mkubwa kwa mtu wa aina yetu. Unapoingia, namba imeshatamkwa na karatasi. Huna tena siri ya kuifichua.

Hatua ya 8: Kikao chenyewe

Anza na kazi. "Naomba nikupitishe kwenye ukurasa niliokutumia, swali lolote nikatize." Kisha soma mstari kwa mstari, ukieleza kidogo. Utashangaa sauti inavyotulia unapoelezea ankara zile 27, kwa sababu hapo unazungumzia kitu unachokijua kuliko yeyote aliyemo chumbani.

Ukifika kwenye ombi, weka kidole kwenye mstari na useme: "Kwa msingi huo, naomba mshahara urekebishwe kwa asilimia kumi na mbili." Halafu nyamaza.

Sentensi hiyo ifanyie mazoezi nyumbani kwa sauti, mara kumi au zaidi, hadi ichoshe. Katika Kiswahili tofauti ya kauli na swali mara nyingi iko kwenye sauti tu. "Naomba asilimia kumi na mbili" ikipanda mwishoni inageuka kuwa swali, na swali linakaribisha "hapana". Ishushe mwishoni kama unavyotaja tarehe. Mimi nilijirekodi kwenye simu, na mara tatu za kwanza sauti ilipanda bila mimi kujua.

Kimya kinachofuata ndicho kigumu. Kwangu kilikuwa labda sekunde nane, nikakiona kirefu kama foleni. Hapo ndipo mara ya kwanza niliposema "hata 5 si mbaya". Safari hii nilikuwa nimeshika kalamu, nikawa nahesabu pumzi. Yule mtu mbele yako hajakukasirikia, anafikiria atalisema vipi jambo hili kwa mkubwa wake. Mwache afikirie.

Hatua ya 9: Majibu utakayokutana nayo

"Bajeti hakuna." Inaweza kuwa kweli. Usibishane, uliza: "Bajeti ijayo inapangwa lini, na ungependa pendekezo liwe na kitu gani zaidi?" Akikupa tarehe na kitu cha kuongeza, uko njiani. Akisema "tutaangalia" na mara ya pili bado hana tarehe, hilo ni jibu, na lichukue kama jibu.

"Lakini hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya." Hili ndilo gumu kuliko yote, na lina haki yake, kwa hiyo usilipuuze. Nilijibu hivi: "Ni kweli, kufuatilia ankara ni kazi yangu. Kabla ya mabadiliko haya siku zilikuwa 49 kazi hiyohiyo ikifanywa. Ninachoomba kitambuliwe ni zile 10 zilizopungua." Ndiyo maana hali ya mwanzo ina thamani kubwa, bila hiyo huna la kujibu hapa.

"Nikikupa wewe, wote watakuja." Mjibu kwamba ndiyo sababu umeleta hesabu ya kazi hii peke yake, ili anayekuja naye aje na yake.

"Naweza asilimia 6." Usikubali wala kukataa hapo hapo. "Nashukuru. Naomba nilifikirie, nitakujibu keshokutwa." Wewe si mtu wa kujadiliana papo kwa papo, na hulazimiki kuwa. Ukirudi, rudi kwa maandishi: kwamba unaikubali 6 kuanzia sasa, na unaomba iliyobaki ijadiliwe baada ya miezi sita ikiwa siku zitabaki 39 au chini, na makubaliano hayo yaandikwe.

Pengine utapewa malipo ya mara moja badala ya nyongeza. Si kitu kibaya, ila jua tofauti yake. Nyongeza ya mshahara wa msingi inarudi kila mwezi, asilimia za miaka ijayo zinahesabiwa juu yake, na mara nyingi mchango wa pensheni pia. Malipo ya mara moja yakishalipwa yamekwisha.

Na usitishie kuondoka kama hujawa tayari kuondoka wiki hiyohiyo. Tishio likijibiwa "sawa, tunakutakia heri", huna karatasi ya kulirudisha.

Hatua ya 10: Baada ya kikao

Siku hiyohiyo, kabla ya kutoka ofisini, andika barua pepe ya mistari mitatu: asante kwa muda wako, tulikubaliana kwamba pendekezo la asilimia 12 litapelekwa kwa mkuu wa idara kabla ya tarehe fulani, nitaulizia tarehe fulani. Tarehe hiyo ikifika, uliza. Kuulizia tarehe mliyokubaliana si usumbufu.

Mimi nilipata asilimia 10. Ilikuja kwa barua yenye mshahara mpya wa 990,000 na tarehe ya kuanza. Hati ya kwanza ya malipo yenye mshahara mpya ilipotoka niliiweka kando ya barua ile nikalinganisha mambo mawili: kama mshahara wa msingi umebadilika kweli au kiasi kimewekwa kama posho, na kama tarehe ni ileile. Mshahara wa msingi ulikuwa umebadilika kweli, ila nyongeza ilikuwa imeanza mwezi mmoja baada ya tarehe iliyotajwa kwenye barua. Nilimwandikia mtu wa mishahara, "Barua inataja mwezi wa kwanza, hati ya malipo imeanza mwezi wa pili. Naomba uniangalizie," nikaambatisha zote mbili. Malimbikizo ya 90,000 yaliingia pamoja na mshahara uliofuata.